Tarehe iliyojirudisha yenyewe

Mama wa stoo aliitwa ofisini akaambiwa ameikosesha kampuni mteja. Mteja mwenyewe ana duka la samaki, chumba chake cha baridi kilikuwa kinavuja gesi, na alikuwa ameahidiwa fundi tarehe 14. Tarehe 14 ikapita, fundi hakutokea. Walipofungua kazi namba 418 kwenye mfumo, historia ilisema wazi: tarehe ilibadilishwa kutoka 14 kwenda 21, na aliyeibadilisha ni yeye, saa 09:20.

Mfumo ule niliuandika mimi, kwa hiyo alinifuata. "Mwanangu, mimi tarehe sikuigusa. Nilijaza namba ya kipuri tu, nikabonyeza Hifadhi."

Nilimwambia nitaangalia, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba kidole chake kiliteleza. Sisi waandika programu tuna ugonjwa huu: mtu akisema hivi na databezi ikasema vile, tunaiamini databezi. Siku hiyo databezi ndiyo iliyokuwa na makosa, na kosa nilikuwa nimelipanda mimi.

Logi za seva zilinipa mfuatano wote. Saa tatu na dakika mbili asubuhi, mama wa stoo alifungua kazi 418. Fomu ikamletea kila kitu: kichwa cha kazi, fundi, hali, tarehe (wakati huo ilikuwa 21), kipuri, maelezo. Akainuka kwenda kwenye rafu kusoma namba iliyobandikwa kwenye boksi la kompresa. Saa tatu na dakika nane, mratibu akapigiwa simu na mwenye duka, samaki wanaharibika. Akafungua kazi ileile, akabadilisha tarehe kuwa 14, akahifadhi, akamwambia mteja usijali. Saa tatu na dakika ishirini mama wa stoo akarudi mezani, akaandika namba ya kipuri, akabonyeza Hifadhi.

Fomu yake ilikuwa bado na 21. Hakuiandika yeye, ilikuwa imekaa pale tangu saa tatu na dakika mbili. Fomu ikapeleka vitu vyote sita, seva ikavipokea vyote sita, ikaandika:

```sql
UPDATE kazi
SET kichwa = '...', fundi = 12, hali = 'mpya',
    tarehe = '21', kipuri = '...', maelezo = '...'
WHERE id = 418;
```

(Tarehe nimeifupisha.) Kisha sehemu inayotunza historia ikalinganisha mstari wa zamani na mpya, ikaona tarehe imetoka 14 ikaenda 21, ikaona jina la aliyeingia, ikaandika hukumu. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea kwa mtu yeyote. Mratibu aliona "Imehifadhiwa" ya kijani, mama wa stoo akaona "Imehifadhiwa" ya kijani. Wote wawili waliambiwa ukweli, kwa kuwa kweli zilihifadhiwa, moja juu ya nyingine.

Ukitaka kujua kama mfumo unaoutumia una ugonjwa huu, jaribio lake ni la dakika mbili. Fungua kazi moja kwenye vichupo viwili vya kivinjari. Kichupo cha kwanza badilisha tarehe, hifadhi. Nenda cha pili bila kukipakia upya, badilisha hali tu, hifadhi. Sasa fungua kichupo cha tatu uangalie tarehe. Ikiwa imerudi ya zamani bila mfumo kulalamika, unayo. Mimi nililifanya jaribio hili kwa mara ya kwanza siku hiyo, miaka miwili baada ya kuuza mfumo. Sijivunii.

Kabla sijagusa kitu nilitaka kujua tumeumia mara ngapi. Historia ilikuwa ya uongo kuhusu nani, lakini haikuwa ya uongo kuhusu nini, na ugonjwa huu unaacha alama yake: safu inatoka A kwenda B kwa mkono wa mtu mmoja, halafu muda mfupi baadaye inarudi A kwa mkono wa mtu mwingine, na huyo wa pili katika kuhifadhi kulekule amebadilisha safu nyingine isiyohusiana. Mtu anayerudisha tarehe kwa makusudi kwa kawaida hurudisha tarehe tu, na mara nyingi huandika sababu. Niliandika swali la kutafuta mpangilio huo, na orodha iliyotoka ilijaza skrini. Kazi zilizokuwa zimefungwa zikafunguka tena zenyewe. Fundi aliyeondolewa akarudi. Kulikuwa na malalamiko ya zamani niliyoyafunga mwenyewe kwa maneno "mtumiaji alikosea".

Dawa ya kwanza niliyoijaribu ni kufuli, na ilinirudisha nyuma wiki tatu. Wazo linavutia: mtu akifungua kazi kwa ajili ya kuhariri, mwingine akiingia anakuta "Kazi hii inahaririwa na fulani", anasoma tu. Lakini watu hawafungui fomu, wakahariri, wakaondoka. Wanafungua wakapokea simu. Fundi anafungua kwenye simu yake chini ya jenereta, anaiweka mfukoni, anapanda ngazi. Kila baada ya nusu saa nilikuwa napigiwa: "Kaka, nifungulie ile 502." Nikaweka kikomo, kufuli likae dakika 15 kisha lijifungue. Simu zikapungua, na ugonjwa ukarudi kupitia mlango uleule, kwa sababu fundi aliyekaa juu ya ngazi dakika 40 alishuka, akabonyeza Hifadhi, na fomu yake ya zamani ikapita kama kawaida. Kufuli lenye kikomo, bila kukagua wakati wa kuhifadhi, halizuii kitu, linachelewesha tu.

Rafiki mmoja alinishauri nipandishe kiwango cha utengano wa miamala, yaani jinsi databezi inavyotenganisha shughuli zinazokwenda pamoja, kwenye Postgres, databezi yetu, kutoka `READ COMMITTED` hadi `SERIALIZABLE`, akaapa kwamba tatizo litaisha. Halikuisha, na ukiangalia saa utaona kwa nini. Kusoma kwa mama wa stoo kulikuwa muamala mmoja ulioisha saa tatu na dakika mbili. Kuandika kwake kulikuwa muamala mwingine, dakika kumi na nane baadaye. Kwa databezi hizo ni shughuli mbili zisizojuana, kila moja safi kabisa. Kinachoziunganisha ni kichwa cha mtu na fomu iliyoko mezani kwake, na databezi haioni hata kimoja.

Kwa hiyo taarifa hiyo lazima tuipeleke sisi. Fomu inapohifadhi iseme: ninachokupa nilikijenga juu ya hali niliyoiona wakati ule. Wazo ni la zamani, H. T. Kung na John Robinson waliliandikia mwaka 1981 kama njia ya matumaini: usimzuie mtu mwanzoni, mkague mwishoni. Sura yake nyepesi ni namba ya toleo. Kila mstari unakuwa na safu ya `toleo`, kila kuhifadhi kunaiongeza moja, na sharti linakaa ndani ya amri yenyewe:

```sql
UPDATE kazi
SET kipuri = '...', toleo = toleo + 1
WHERE id = 418 AND toleo = 7;
```

Mama wa stoo alifungua toleo la 7. Mratibu alipohifadhi likawa la 8. Amri ya mama inatafuta mstari wenye toleo la 7, haiupati, Postgres inajibu `UPDATE 0`, na hapo ndipo programu inajua kuna mtu amepita. Kwenye HTTP ni jambo lilelile kwa majina mengine: seva inatoa toleo ndani ya `ETag`, fomu inalirudisha ndani ya `If-Match`, na likiwa limepitwa seva inajibu `412 Precondition Failed`. Usisahau kusoma ile sufuri. Niliwahi kukuta msimbo wa mtu wenye sharti zuri kabisa la toleo, lakini hausomi idadi ya mistari iliyobadilika. Mabadiliko ya mtumiaji yanatupwa, kijani kinawaka. Hapo umegeuza tu nani apoteze: zamani alikuwa aliyetangulia, sasa ni aliyefuata.

Nilianza kwa kutumia muda wa mwisho wa kubadilishwa badala ya namba, kwa kuwa safu hiyo ilikuwapo tayari. Kila mtu akakataliwa kuhifadhi, hata aliyekuwa peke yake kwenye mfumo usiku. Postgres inatunza muda hadi mikrosekunde, tarakimu sita baada ya nukta. Kitu cha `Date` cha JavaScript kinaishia milisekunde, tarakimu tatu. Muda ukienda kwenye kivinjari na kurudi unakuwa umekatwa mkia, na haufanani tena na ulioko kwenye mstari. Kinyume chake kipo pia: muda unaotunzwa kwa sekunde nzima unaruhusu watu wawili ndani ya sekunde moja kuonekana kama toleo moja. Namba kamili inayoongezeka haina balaa lolote kati ya haya.

Toleo lilinyamazisha kufutana. Lakini nilipolipeleka kwa watumiaji lilikuja na kero yake. Mama wa stoo anajaza kipuri, anaambiwa "Kazi hii imebadilishwa na mtu mwingine, pakia upya." Anapakia, alichoandika kinapotea, anaandika tena. Naye alikuwa hana ugomvi na mtu: mratibu aligusa tarehe, yeye kipuri. Bugzilla, mfumo wa siku nyingi wa kufuatilia hitilafu, inauita mgongano huu "mid-air collision", kama ndege mbili angani, na angalau inakuonyesha mwenzako alibadilisha nini, kisha inakuachia kuamua. Ujumbe wangu haukuonyesha chochote. Watu wakajifunza ujanja: wanakopi kila walichoandika kabla ya kubonyeza Hifadhi. Mtumiaji akianza kukopi kwanza, ujue amekukatia tamaa.

Nilichokuja kubaki nacho ni kulinganisha pande tatu, safu kwa safu. Fomu haipeleki tena vitu sita. Inapeleka vile tu ambavyo mtu amevibadilisha, na kwa kila kimoja inapeleka pea: thamani aliyoikuta na thamani anayoitaka. Seva nayo ina ya tatu, iliyoko sasa hivi.

```python
migongano = []
with transaction.atomic():
    kazi = Kazi.objects.select_for_update().get(id=418)
    for jina, (msingi, mpya) in pea.items():
        sasa = getattr(kazi, jina)
        if sasa == msingi or sasa == mpya:
            setattr(kazi, jina, mpya)
        else:
            migongano.append((jina, msingi, sasa, mpya))
    if not migongano:
        kazi.save(update_fields=list(pea))
```

Isome kwa kesi yetu. Mama wa stoo anapeleka kipuri peke yake: alikuta tupu, anataka namba. Sasa hivi kipuri ni tupu vilevile, basi kinaandikwa. Tarehe haimo kwenye alichopeleka, kwa hiyo haina pa kurudia. Sasa tuseme naye alibadilisha tarehe kutoka 21 kwenda 23. Msingi 21, mpya 23, ya sasa 14: tatu tofauti, huo ndio mgongano wa kweli. Kama wote wawili waliandika 14, sharti la pili linawapitisha bila kuwasumbua.

Mambo mawili ndani ya mistari ile yaliniuma kabla sijayaelewa. `select_for_update` ni kufuli, ndiyo, lakini ni la milisekunde chache kati ya kusoma na kuandika, halimsubiri mtu ashuke ngazi. Ukiliondoa, maombi mawili yakifika pamoja yanaweza kulinganisha yote mawili kabla la kwanza halijaandika. Na `update_fields` si pambo. Kwenye Django, fremu ya Python niliyoutengenezea mfumo, `save()` ikiachwa ilivyo huandika safu zote za kitu ulichokipakia. Tulikuwa na programu ya nyuma ya pazia inayopakia kazi, inatuma SMS kwa mteja, inasubiri jibu, halafu inaweka alama kwamba ujumbe umetumwa na kuita `save()`. Mtandao ukiwa mzito inasubiri sekunde kadhaa, na mtu akihifadhi katikati, SMS inamfuta. Yule wa pili anayehariri si lazima awe mtu.

Kulinganisha nako kunataka usafi. Sanduku la maelezo likitumwa kwa fomu ya kawaida, kivinjari hutenganisha mistari kwa CRLF, herufi mbili zisizoonekana, wakati maelezo yaliyoingia kwa njia nyingine yalikuwa na LF peke yake, ile ya pili tu. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa `==` ni viwili, na kila maelezo yenye mistari zaidi ya mmoja yalionekana yamegongana. Vivyo hivyo tupu na `NULL`. Siku hizi nasawazisha pande zote tatu kwanza, ndipo nalinganisha.

Orodha zinataka mtindo mwingine. Kazi inaweza kuwa na vipuri vitatu. Mmoja akiongeza feni na mwingine akiongeza gesi, ukilinganisha orodha nzima utaita ni mgongano, na watu wote wawili watakushangaa. Kwa orodha tunapeleka tendo: ongeza feni, ondoa chujio. Saa za kazi zilizotumika ni vilevile, tunapeleka "ongeza 2", hatupeleki "sasa ni 6".

Ikabaki sehemu niliyoifikiria kuliko zote, na ambayo bado sina jibu lililokamilika. Wiki chache baada ya mabadiliko, mratibu alisogeza tarehe ya kazi moja kutoka 21 hadi 14. Wakati huohuo msimamizi wa mafundi, akiwa na fomu yenye 21 mbele yake, alimbadilisha fundi: yule wa awali tarehe 21 atakuwa safarini, akamweka mwingine aliye huru siku hiyo. Mmoja kagusa tarehe, mwingine kagusa fundi. Safu mbili tofauti, hakuna mgongano, msimbo wangu ukaunganisha kwa furaha. Matokeo: tarehe 14 na fundi ambaye tarehe 14 yuko likizo. Hiyo pea hakuna mtu aliyeichagua. Mfumo wa kizamani ungemfuta mmoja, lakini angalau ungebaki na pea ambayo mtu fulani aliiona kwa macho yake.

Kwa hiyo nikagawa safu kwa makundi ya maana. Tarehe, saa na fundi ni "ratiba": ukigusa mojawapo, fomu inapeleka misingi ya zote tatu, na mojawapo ikiwa imebadilika chini yako unaulizwa. Hali na sababu ya kufunga ni kundi jingine. Kipuri, maelezo na kichwa kila kimoja kinasimama peke yake. Makundi haya hayapatikani kwenye kitabu chochote cha databezi, nilikaa na mratibu nusu siku nikimuuliza, "Dada, hiki kikibadilika, utataka kukiangalia kile tena?" Yapo niliyoyakosa. Kazi ikifungwa na mmoja huku mwingine akiongeza kipuri, bado inapita, na kila mwisho wa mwezi tunakuta vipuri vimeagizwa kwa kazi zilizokwisha.

Ujumbe wenyewe wa mgongano nao niliuandika upya. Mtu haambiwi tena "hitilafu". Anaona: "Tarehe ilikuwa 21 ulipofungua. Mratibu ameiweka 14 dakika 12 zilizopita. Wewe umeandika 23." Chini yake vitufe viwili, "Acha 14" na "Weka 23", na vyote alivyoandika kwingine viko palepale. Tangu hapo wameacha kukopi. Historia nayo sasa inaandika kile tu kilichoombwa na mtu, haikisii kwa kulinganisha mistari, na tukio la 09:20 kwenye kazi 418 lina maelezo chini yake kwamba mabadiliko yale ya tarehe yalifanywa na mfumo. Mama wa stoo aliomba nimchapishie ukurasa huo. Nilimchapishia, akaupeleka ofisini mwenyewe.

Kinachonisumbua sasa ni mafundi walio nje ya mtandao. Fundi anajaza kazi saa nne asubuhi kwenye chumba cha chini kisicho na mtandao, simu inaitunza, inaituma saa kumi na moja jioni akirudi barabarani. Pea zake zina misingi ya asubuhi, na hilo ni sawa, ulinganishaji unafanya kazi yake bila kujali saa ya simu, ambayo mara nyingi si sahihi. Ila mgongano ukitokea, simu iko mfukoni na mwenyewe yuko kwenye daladala. Hakuna wa kuulizwa. Kwa sasa safu zisizogombana zinaandikwa, zinazogombana zinaingia kwenye orodha ya mratibu zikiwa na thamani zote tatu, naye anampigia fundi. Jana zilikuwa nne, na tatu kati yake zilikuwa za fundi mmoja ambaye hafungi kazi mpaka afike nyumbani.